Siku moja ya kuandika habari ya kodi za nyumba Kimara

Saa 12 asubuhi

Kazi ilianzia kitandani, simu mkononi, katika makundi ya madalali wa Kimara ambayo nimekuwa nikiyafuatilia kwa wiki tatu na kunakili kila tangazo la chumba cha kupanga. Tangazo lililozaa habari hii lilihusu chumba kimoja chenye choo ndani, mwendo mfupi kwa miguu kutoka kituo cha mwendokasi cha Kimara Mwisho, kwa shilingi 120,000 kwa mwezi na malipo ya miezi sita. Mpangaji aliyehama chumba hichohicho mwanzoni mwa mwaka alikuwa akilipa 70,000. Mhariri wangu alishapiga hesabu tangu jana na kupendekeza kichwa cha habari kisemacho kwamba kodi za Kimara zimepaa kwa zaidi ya asilimia 70. Hesabu yake ilikuwa sahihi, lakini nilikuwa na shaka kama bei iliyoandikwa na dalali inaweza kuitwa kodi kabla hajapatikana mtu wa kuilipa.

Saa 2 asubuhi

Chumba cha habari kilikuwa bado kimya, nikafungua taarifa ya mwezi ya mfumuko wa bei ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Hapo ndipo waandishi wengi huteleza, nami niliwahi kuteleza miaka ya nyuma. Taarifa hiyo ina kundi linaloitwa nyumba, maji, umeme, gesi na nishati nyingine, na mwandishi mwenye haraka huchukua badiliko la kundi zima na kuliandika kuwa ni badiliko la kodi. Ndani ya kundi hilo kuna mkaa, kuni, mafuta ya taa na gesi ya kupikia. Mvua zikinyesha, barabara za vijijini zikaharibika na gunia la mkaa likapanda bei, kundi zima linaweza kupanda ilhali hakuna mwenye nyumba hata mmoja aliyegusa kodi yake. Kwa hiyo nilimwandikia mtakwimu mmoja ninayemfahamu, nikamwomba anieleze pango peke yake limeendaje, na nikamwuliza swali la pili lililo muhimu kuliko la kwanza: chumba kikiwekewa choo, wanakihesabu vipi?

Alinijibu kabla sijatoka ofisini. Alisema kwamba fahirisi ya bei, ambayo kwa sasa mwaka wake wa kizio ni 2020, inakusudia kulinganisha kitu kilekile kwa kitu kilekile, na kwamba chumba kilichoongezewa choo si kile cha awali, hivyo sehemu ya nyongeza inayolipia choo haitakiwi kuhesabiwa kuwa ni kupanda kwa bei. Nililiandika jibu hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu na kulipigia mstari.

Saa 4 asubuhi

Nilipanda mwendokasi kwenda Kimara, upande ambao asubuhi una nafasi ya kukaa kwa sababu watu wote wanaelekea mjini. Tangu mabasi hayo yaanze kazi Mei 2016, umbali wa nyumba kutoka kituoni umekuwa sehemu ya bei yake, na madalali huuandika kwenye matangazo kwa dakika za kutembea.

Nyumba niliyokuwa nikiiendea sikuonyeshwa na dalali. Mjumbe wa shina ndiye aliyenipeleka, na hilo nililipanga kwa makusudi. Dalali anazifahamu nyumba ambazo wapangaji wanaingia na kutoka, kwa hiyo anayemfuata yeye peke yake ataona vyumba vinavyobadilika bei tu. Mpangaji aliyekaa miaka minane bila kuhama hayumo kwenye simu ya dalali yeyote.

Nilimkuta mama mwenye nyumba uani akichambua mchele. Nilimwamkia, akaitikia, akamwita mjukuu aniletee kiti, na tulizungumza kwa muda mrefu kabla hatujafika kwenye kodi. Hakutaka jina lake liandikwe, nami nikakubali kwa sharti kwamba anionyeshe maandishi. Akaleta daftari la kaunta lililofunikwa kwa karatasi ya kalenda ya zamani. Kila chumba kina kurasa zake, na kila malipo yana tarehe, kiasi na sahihi ya mpangaji, na wawili kati yao wameweka dole gumba kwa wino wa buluu.

Vyumba ni sita, na mwanzoni mwa mwaka jana vyote vilikuwa shilingi 70,000. Sasa vitatu vimebaki 70,000. Viwili vimefika 80,000 baada ya mikataba kwisha. Cha sita, kilichohamwa, ndicho kilichowekewa choo na vigae, kikatangazwa kwa 120,000, na baada ya kukaa kitupu wiki tano kikapata mpangaji kwa 100,000. Dalali hakurudi kwenye kundi kusahihisha tangazo lake, na hana sababu ya kufanya hivyo.

Nilimwuliza kwa nini hakuwapandishia wote. "Mpangaji anayelipa kwa wakati na hagombani na wenzake, mwanangu, nikimpandishia elfu kumi akahama, chumba kikikaa miezi miwili kitupu nimekula hasara," alisema. Nilipiga hesabu pale pale: nyongeza ya 10,000 kwa mwaka ni 120,000, na miezi miwili ya chumba kitupu ni 140,000. Mama huyu hajasoma uchumi, lakini ameeleza kwa sentensi moja kwa nini wapangaji wa zamani hulipa kidogo kuliko wapya.

Sababu alizonitajia za kupandisha vyumba viwili zilikuwa mkopo wa kikoba aliojengea choo, bei ya saruji, na kodi ya majengo. Mbili za kwanza niliziandika kama alivyosema, kwa kuwa daftari la kikoba na risiti za duka la vifaa nilionyeshwa. Ya tatu niliiwekea alama ya kuuliza.

Saa 7 mchana

Wapangaji waliokuwepo mchana walikuwa wawili. Wa kwanza, fundi cherehani, ndiye aliyenisaidia kuiondoa ile alama. Kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU tangu 2021, na kwa nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi tangu Julai 2023, kutoka 1,000 ya awali. Nyumba hii ina mita moja, na anayetangulia kununua umeme mwezi ukianza ndiye anayekatwa. Kisheria kodi hiyo ni ya mwenye mali, lakini hapa wanailipa wapangaji kwa zamu. Nilirudi kwa mama na kumweleza nilichokiona kwenye ujumbe wa manunuzi ya umeme. Alitafakari, kisha akaniambia nisiiandike sababu hiyo, kwa kuwa ni kweli hailipi yeye. Ningeandika maneno yake bila kuuliza upande wa pili, ningewasilisha kwa wasomaji sababu isiyokuwepo.

Mpangaji wa pili ndiye aliyeibadilisha habari yangu. Ni dada anayeuza vitafunwa kituoni, yumo katika vile vyumba vitatu vya 70,000, na kwa hesabu zote nilizokuwa nazo kodi yake haijapanda hata shilingi. Alinitolea mkataba wenye muhuri wa serikali ya mtaa, akaweka kidole kwenye mstari wa malipo. Mkataba wa zamani ulidai miezi mitatu kwa mkupuo, na huu mpya unadai sita. Zamani alitafuta shilingi 210,000, sasa anatafuta 420,000 kwa mara moja. "Kaka, wao wanasema haijapanda," aliniambia, "lakini mtaji wangu wote wa unga na mafuta niliutoa ukaenda kwenye kodi, nikaanza upya kwa kukopa." Riba ya mkopo huo ni gharama ya makazi yake, na haimo katika takwimu yoyote ya kodi, kwa sababu kodi kwa mwezi ni ileile.

Aliniuliza kama kuna sheria ya kumzuia mwenye nyumba. Nilimweleza kwamba sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba, ya 1984, ilifutwa 2005, na tangu hapo kodi na namna ya kuilipa ni makubaliano ya pande mbili, kwa hiyo kilichoandikwa kwenye mkataba kabla ya kutia sahihi ndicho anachoweza kukitetea. Halikuwa jibu alilolitaka.

Saa 10 jioni

Niliporudi ofisini nilimwonyesha mhariri karatasi moja. Tukifuata tangazo, kodi imepanda kwa asilimia 71. Tukifuata kilicholipwa katika chumba hichohicho, ni asilimia 43. Tukijumlisha vyumba vyote sita, mapato ya nyumba yametoka 420,000 hadi 470,000 kwa mwezi, yaani asilimia 12. Tukikiacha kando kile chenye choo kipya, kwa kuwa si chumba kilekile, vile vitano vimetoka 350,000 hadi 370,000, ambayo haifiki asilimia 6. Nyumba ni moja na daftari ni moja, lakini kila hesabu inajibu swali lake.

Mhariri alinyamaza, kisha akauliza hesabu ipi ndiyo ya kweli. Nilimjibu kwamba ya 43 inamhusu anayetafuta chumba leo, ya 12 inamhusu mwenye nyumba, ya karibu 6 ndiyo inayoweza kulinganishwa na fahirisi ya taifa, na ya 71 hakuna aliyeilipa. Aliuliza pia kama nyumba moja inatosha kuisemea Kimara. Haitoshi, na ndiyo maana nilikuwa nimepita katika nyumba nyingine nane wiki hiyo. Mwelekeo ulikuwa huohuo, lakini asilimia zake sikuziandika, kwa sababu katika nyumba tano hakukuwa na daftari wala risiti, na kumbukumbu ya mtu kuhusu kodi ya miaka miwili iliyopita si takwimu.

Saa 12 jioni

Niliandika. Aya ya kwanza nilimpa dada wa vitafunwa na mstari wake wa miezi sita, kwa kuwa ndiye aliyebeba mzigo ambao takwimu haziuoni. Mama mwenye nyumba alifuata na hesabu yake ya chumba kitupu, na takwimu za taifa ziliingia baada ya hapo, pamoja na maelezo ya wazi kwamba zinapima wapangaji wote, wa zamani na wapya, na kwamba mkaa si pango. Dalali nilimpigia simu kabla ya kumtaja. Alikiri bila kusita kwamba huandika bei ya juu ili pawe na nafasi ya kupatana, na alikubali kunukuliwa.

Saa 2 usiku

Kabla ya kutuma ukurasa niliwasomea wahusika wawili, kila mmoja, sentensi zinazomhusu. Dada alisahihisha kitu kimoja: nilikuwa nimeandika kwamba alikopa kwa jirani, kumbe alikopa kwa watu wanaotoza riba ya kila wiki. Nilibadilisha. Mama aliniomba nirudie polepole sentensi ya vyumba vitatu visivyopandishwa, akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama nimeandika pia ile habari ya miezi sita. Nikamwambia ndiyo, ipo, tena ndiyo inayotangulia. Akakaa kimya kidogo, akasema wenzake wote mtaani wanachukua sita, na kwamba yule binti, kwa kuwa ni mlipaji mzuri, mkataba ukiisha atamrudishia mitatu. Ahadi hiyo sikuiingiza kwenye habari, kwa sababu haijaandikwa popote, lakini tarehe ya mkataba kwisha nimeiandika kwenye kalenda yangu.