Lenta ya dirisha langu ilikalia ukuta sentimita 5 tu, nilivyoirekebisha

Nyumba yangu ni ya tofali za inchi 6, bati, iko Kibaha. Mwaka wa pili tangu tuhamie nikaona ufa unaanzia kwenye kona ya juu ya dirisha la sebuleni, unapanda ngazi ngazi kufuata maungio ya tofali kuelekea kwenye kenchi. Fundi aliyejenga akasema ni plasta tu inakauka, niweke skimu nipake rangi. Mimi sikuridhika, kwa sababu ufa wa plasta unatawanyika hovyo kama utando wa buibui na haujali kona iko wapi, huu ulikuwa mpana pale pale konani halafu unapungua ukipanda. Nikabandika kiraka cha jasi juu ya ufa, kidogo tu, nikaandika tarehe. Wiki ya tano kiraka kikakatika katikati, maana yake ukuta unatembea.

Nikamwita mzee mmoja fundi wa siku nyingi, akabandua plasta pembeni mwa dirisha taratibu na patasi mpaka ncha ya lenta, ile boriti ya zege inayolala juu ya dirisha, ikaonekana. Tukapima. Uwazi wa dirisha ni mita 2.4 na lenta ilikuwa mita 2.5, yaani ilimwagwa chini ikapandishwa ikiwa imekalia sentimita 5 upande huu na 5 upande ule. Mbaya zaidi, chini ya ncha moja kulikuwa na kipande cha nusu tofali, nacho kimeshamomonyoka ukingoni, ukikigusa kwa kidole mchanga unadondoka.

Mzee akaniambia, "Mwanangu, tofali za juu ya dirisha haziendi chini moja kwa moja, pale hakuna kitu, mzigo wote unakimbilia pembeni, sasa hapa pembeni umeuwekea nini?" Hapo ndo nikaelewa. Ukuta ukiwa mrefu juu ya lenta, tofali zenyewe zinashikana kama upinde na lenta inabeba pembetatu tu ya tofali zilizo karibu, nyingine zinapitisha mzigo pembeni. Lakini kwa uwazi wa mita 2.4 hiyo pembetatu inataka ukuta wa kama mita 1.2 juu ya lenta, na nyumba zetu hizi za chini juu ya lenta kuna kozi tatu tu za tofali halafu kenchi za paa, kwangu sentimita 75, kwa hiyo upinde haukamiliki na uzito wa paa nao unashukia kwenye lenta.

Tukapiga hesabu kwenye kipande cha boksi. Kozi tatu juu ya uwazi ni kama kilo 540, lenta yenyewe kama kilo 200, jumla 740 na paa bado hatujaligusa. Kila ncha inabeba 370. Ncha ya sentimita 5 kwa upana wa ukuta 15 ni sentimita za mraba 75, kwa hiyo kila sentimita moja ya mraba inabebeshwa kilo 5, tena kwenye ukingo wa tofali pale panapobanduka kirahisi. Ukiipa sentimita 20 inashuka mpaka kilo 1 na kidogo.

Kazi ilichukua siku tatu. Tulisimamisha mirunda chini ya kenchi kwanza, na kila mrunda ukakanyagia kipande cha ubao usizame, ndo tukashusha kozi tatu na kutoa lenta. Kile kipande cha nusu tukakitoa, pande zote mbili tukaweka tofali zima, ngumu, kiungio cha wima kisiangukie chini ya ncha. Lenta mpya tukaimwagia pale pale juu kwenye boksi la mbao, urefu mita 2.8, kina inchi 9, nondo mbili za milimita 12 chini na mbili za 10 juu, ringi kila sentimita 15. Mzee alisimamia sana nondo za chini zifike mpaka mwisho wa ncha na zikunjwe, zisiishie kwenye ukingo wa dirisha, na ziinuliwe na vijiwe vya zege sentimita 2.5 zisigusane na ubao. Mbao za pembeni tulitoa siku ya pili, ila za chini na mirunda zilikaa siku 21, nikimwagia maji asubuhi na jioni mwenyewe.

Baada ya hapo nikapima madirisha yote mengine kwa kugongagonga plasta, moja tu ndo lilinitia wasiwasi, la chumbani, liko karibu na mlango na kati yao kuna ukuta wa sentimita 40 tu. Pale ncha mbili zingegawana nguzo moja nyembamba, bahati nzuri fundi alipitisha lenta moja juu ya vyote viwili, sikuigusa.

Sebuleni nilibandika kiraka kingine cha jasi pale pale konani. Sasa kina miezi nane na hakijakatika.