Usiku wa kuamkia karatasi ya Fizikia

Mimi woga wa mtihani ulikuwa unanianzia vidoleni. Karatasi kabla hazijagawiwa, ncha za vidole zinakufa ganzi, halafu midomo, halafu kichwa kinakuwa chepesi. Mama mdogo niliyekuwa nikikaa kwake Busia, upande wa Uganda, ni muuguzi. Aliponiona nikihema hivyo asubuhi ya mtihani wa majaribio, aliniambia, "Mwanangu, hukosi hewa. Unaitoa kupita kiasi."

Kumbe mtu mwenye hofu hupumua haraka, kwa kifua cha juu, mpaka kabonidioksaidi kwenye damu inashuka kuliko kawaida. Hapo ndipo kizunguzungu na ganzi vinapotoka. Ndiyo maana kila mtu akiniambia "vuta pumzi kubwa", nilizidi kuharibika. Kazi yenyewe iko kwenye kutoa pumzi, kwa sababu ukiitoa polepole moyo nao unapunguza mbio.

Alinikalisha, mkono mmoja tumboni, mwingine kifuani. Navuta kwa pua nikihesabu moja hadi nne, mkono wa tumboni unainuka na wa kifuani unatulia. Natoa kwa midomo iliyobanwa kidogo, nikihesabu hadi sita. Hivyo kwa dakika tano hivi. Nikihisi kizunguzungu, ni dalili kwamba navuta hewa nyingi mno, basi napunguza ukubwa wa pumzi bila kuongeza kasi. Alisisitiza nifanye jioni za kawaida, posho ikiwa jikoni, maana mwili ukikutana na jambo hilo kwa mara ya kwanza ndani ya chumba cha mtihani hauliitikii.

Usingizi nao ulikuwa na hesabu yake. Mtihani wa UNEB wa Senior Six ulipofika, Fizikia ilikuwa saa tatu asubuhi, na wenzangu wakapanga kulala saa mbili usiku. Mama mdogo alikataa. Mimi nilizoea kulala saa nne na nusu, na saa zile mbili tatu kabla ya muda uliouzoea ndizo ngumu kuliko zote kupata usingizi. Ungelala tu macho wazi, ukajitia hofu. Kwa hiyo saa ya kulala haikuguswa, tukabadilisha yaliyotangulia.

Chai ya majani iliishia mchana, kwa kuwa kafeini huchukua kama saa tano kupungua nusu tu. Jioni nilikunywa uji. Nilipitia kanuni nilizokwisha kuzijua, bila kufungua mada mpya, na saa mbili vitabu vikafungwa. Nikapanga mezani kalamu, penseli, rula na kalkuleta niliyoijaribu. Kisha nikachukua karatasi, nikaandika kila kilichokuwa kinanisumbua, na kando yake cha kufanya. Boda ya asubuhi: apigiwe sasa hivi. Mizunguko ya umeme: swali hilo liwe la mwisho. Sijui kwa nini, lakini jambo likishaandikwa halirudi kichwani kwa nguvu ileile.

Simu aliichukua yeye. Atakayeniamsha ni yeye, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kuangalia saa usiku, wala kuona makundi ya WhatsApp ambamo hakosekani mtu wa kuleta "karatasi iliyovuja". Hilo pekee, kwa maoni yangu, lilisaidia kuliko uji.

Hata hivyo usingizi ulichelewa. Nikafuata alivyoniagiza: ukikadiria zimepita kama dakika ishirini, toka kitandani. Nikakaa sebuleni na taa ndogo ya sola, nikakunja nguo zilizoanuliwa, huku malori ya mpakani yakinguruma, mpaka macho yakawa mazito. Kilichonituliza zaidi ni neno lake kwamba usiku mmoja mfupi haufuti ulichosoma. Usiku wa wiki nzima iliyotangulia una uzito zaidi, na huo nilikuwa nimeulala vizuri.

Asubuhi nilikunywa kikombe kimoja cha chai kama siku zote, nikala mayai, na getini nikawakwepa wanaoulizana maswali. Karatasi zikigawiwa, nilitoa pumzi ndefu mara kadhaa. Moyo uliendelea kudunda, lakini vidole vilishika kalamu. Swali la kwanza lilinikatalia kabisa. Nikaweka kalamu chini, nikapumua, nikahamia la tatu, na la kwanza likafunguka baadaye.

Woga ukikufuata hata msimu wa mitihani ukiisha, au usingizi ukikukimbia wiki kadhaa, hapo nenda kituo cha afya, kuhesabu pumzi peke yake hakutoshi. Binamu yangu aliye Senior Four hapendi kuhesabu kabisa. Yeye hutoa pumzi akivuma "mmm" kwa sauti ya chini hadi iishe, na inamfaa vilevile, kwa kuwa hewa haiwezi kutoka haraka mtu anapovuma.