Mstari ulionyooka

Ijumaa usiku nimetoka zamu, nimemkuta binti wa dada yangu kakumbatia mto wa kochi mbele ya televisheni. Yuko kidato cha tatu, na tangu likizo ianze anasema atasomea udaktari. Tamthilia anazochagua zote ni za hospitali.

Moyo wa mgonjwa ulikuwa umesimama, mstari kwenye mashine umenyooka. Daktari akawaambia watu wasogee, akamshtua kwa umeme, mgonjwa akafumbua macho.

"Mamdogo, na nyie mnafanya hivyo?"

Nikasimamisha picha. Nikamweleza kwamba mstari ukinyooka hivyo hatushtui. Umeme unafaa moyo unapotetemeka ovyo: unaukatisha ule mtetemo, moyo upate nafasi ya kurudia mapigo yake. Moyo ulionyamaza hauna cha kukatishwa. Hapo ni kukandamiza kifua, kumpa adrenalini na kutafuta kilichousimamisha.

Nikauweka ule mto sakafuni. Kitako cha kiganja katikati ya kifua, viwiko vimenyooka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6. Nikatega simu dakika mbili, maana ndio muda tunaopokezana. Dakika moja tu ilipopita viwiko vikaanza kukunjika, nywele zimemganda usoni. Hakuacha.

Nikamwambia pia jambo ambalo tamthilia zinalificha. Mwaka 1996 watafiti walizihesabu tamthilia za Marekani wakakuta wagonjwa 3 kati ya 4 waliokandamizwa kifua wanarudi papo hapo. Wodini wengi hawarudi. Niliogopa nimemkatisha tamaa.

Akakaa kimya, halafu akauliza, "Asiporudi, nani anakwenda kuwaambia ndugu zake?"

Hilo swali sikulitegemea. Nikamsimulia: tunatafuta chumba chenye viti, tunakaa nao, tunawaambia "amefariki" waziwazi, kwa sababu ukizungukazunguka mama mtu anabaki akidhani bado kuna tumaini. Kisha tunanyamaza, hatuwaachi peke yao.

Tangu usiku ule namchagulia filamu kwa kuangalia inaishia wapi. Nyingi zinaishia mgonjwa akifumbua macho, na kazi kubwa huanzia hapo. Jumapili tutatazama *Gifted Hands* ya mwaka 2009, kuhusu daktari wa upasuaji Ben Carson na upasuaji wa mwaka 1987 wa pacha walioungana kichwani. Nimeipenda kwa sababu upasuaji ule ulichukua saa 22 na ulihitaji timu ya watu wapatao 70, kwa hiyo ataona kwamba daktari hafanyi kazi peke yake. Lakini wale watoto walibaki na ulemavu mkubwa, na hilo nitamwambia mwenyewe filamu ikiisha, televisheni ikiwa imezimwa.

Leo asubuhi nimeona kaandika maswali nyuma ya daftari la baiolojia. La kwanza: "Wale pacha waliishije baadaye?"