Inna lillahi iliyokatwa katikati

Wale mliozoea kuniuliza "Shombo kaiba nini wiki hii" msisubiri kichekesho leo. Shombo amekufa. Kafa usiku wa kuamkia Jumatano, na mimi tangu asubuhi yake nina maneno ya mtu yamenikaa kooni, hayapandi wala hayashuki.

Jumatano nilikwenda skuli kama kawaida, kwa sababu darasa la sita walikuwa na mtihani wa majaribio na karatasi zilikuwa kwangu. Macho yamevimba. Niko chumba cha walimu nazipanga, mwalimu mwenzangu wa Jiografia (mnamjua, yule wa mabangili) akaja akanishika bega.

"Shoga, una nini? Umefiwa?"

"Nimefiwa."

"Inna lillahi wa inna... na nani tena?"

"Shombo."

Mkono ukaondoka begani. "Yule paka? Eee bibi wee, umenishtua! Na mimi nishaanza kukupa pole!" Akacheka, akawageukia wenzetu. "Jamani, mwalimu kafiwa na paka." Wakacheka. Mmoja akasema niende kwao na kikapu nikachague mwengine, kwao wamejaa mpaka juu ya dari.

Basi. Hakuna zaidi ya hapo. Hakunitukana mtu. Lakini ile "nishaanza kukupa pole" naisikia nikiosha vyombo, naisikia nikisahihisha madaftari, naisikia imamu akisoma. Kairudisha pole yake kama mtu aliyeanza kuhesabu pesa kisha akagundua kuwa hadaiwi. Na Inna lillahi yenyewe hakuimaliza. Kaikata pale pale kwenye "wa inna", haikufika kwa Mwenyewe.

Usiku najibu. Usiku mimi hodari sana wa majibu. Namwambia: mwalimu, malizia, ulichokianza kimalizie. Namwambia: aya ya 156 ya Sura ya Baqara imewataja wale ambao ukiwapata msiba husema hivyo, haikusema msiba uwe na miguu miwili. Kisha nakumbuka kwamba huyu huyu, Mama alipofariki, alikesha jikoni kwetu akipepea moto wa sufuria za watu wa matanga, mabangili kayatia mfukoni. Ningekuwa na pa kumchukia ningelala.

(Mdogo wangu kaletewa posa Alhamisi na wazee wameridhia. Nitayaandika siku nyengine, leo siwezi kuyafanyia haki.)

Nieleze alivyokufa, maana mwenye dume la paka nyumbani huenda ikamfaa. Mimi nilikuwa semina Chake mwishoni mwa wiki. Nyumbani wakamwona anakwenda kwenye mchanga nyuma ya jiko, anachutama, anajikamua, anaondoka. Baada ya muda kidogo anarudi tena pale pale. Wakasema kafunga choo, wakampa mafuta ya nazi. Nani asingesema hivyo? Paka anayejikamua kwa mkojo na paka anayejikamua kwa choo wanachutama namna moja. Jumatatu jioni nilipofika nilimkuta kajificha chini ya kitanda cha Baba, anajiramba kule nyuma bila ya kupumzika, na nilipomnyanyua alitoa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake. Usiku akaanza kutapika.

Jumanne daktari wa mifugo akaja na pikipiki. Kazi yake hasa ni ng'ombe na mbuzi, lakini alimpapasa tumbo kidogo tu, mbele ya miguu ya nyuma, akaniambia, "Bi mwalimu, lete mkono wako. Usibinye, weka tu." Nikaweka. Palikuwa na kitu cha mviringo, kigumu, ukubwa wa ndimu. Kibofu. Akasema kwa choo hutaikuta ile, na kama ningebinya kwa nguvu kingeweza kupasuka.

Akanieleza huku akifungua mkoba. Paka dume njia yake ya mkojo ni ndefu na nyembamba, na inazidi kubana pale mwishoni kabisa. Mkojo wenyewe hufanya chembechembe kama mchanga laini, zikichanganyika na ute zinakuwa kizibo. Jike ni nadra kumpata haya kwa sababu njia yake fupi na pana. Kizibo kikikaa, mkojo unarudi mpaka kwenye figo, zile takataka zinabaki kwenye damu, na potasiamu inapanda mpaka moyo unaanza kupiga ovyo. Ndiyo maana dume likiziba kabisa halihesabiwi wiki. Siku mbili, tatu, basi.

Mrija mwembamba wa paka hakuwa nao. Alitumia kiplastiki cha kanula, ile wanayotundikia watu dripu, kaitoa sindano, akasukuma maji ya chumvi taratibu ili kizibo kirudi ndani. Yakatoka matone yenye damu, kisha pakaziba tena. Mwisho akachoma sindano tumboni moja kwa moja mpaka kwenye kibofu, akavuta mkojo kupunguza. Shombo akatulia, akanyoosha miguu, hata akaniangalia. Mimi nikaamini kapona. Daktari hakuamini, kwa sababu alikuwa bado kamwekea kidole kwenye mapigo ya paja, na mapigo yalikuwa yanakwenda polepole kuliko inavyopasa. Aliondoka magharibi, akasema nimpigie simu saa yoyote. Sikuwahi.

Nilimpa elfu thelathini, ya dawa na mafuta ya pikipiki. Kaka akasikia. "Kwa paka? Kwa pesa hizo si unapata mabeberu ya kuku?" Sijui mabeberu ya kuku ni nini, nadhani hata yeye hajui, alikuwa na haraka ya kushangaa. Nilipomfunga Shombo kwenye kanga kuukuu na kuchimba chini ya mlimau, shimo la kufika gotini na mawe juu asije akafukuliwa, yeye huyo huyo akapita akasema, "Usije ukamsomea na talakini." Kaka hanichomi. Kaka namzoea. Na tusisingiziane, hakuna aliyetaka kumswalia paka wala kumvisha sanda, najua mipaka yangu. Nilitaka tu asitupwe kwenye jaa.

Kinachoniuma si usiku ule, ni asubuhi. Shombo alikuwa anaijua honi ya mchuuzi wetu wa samaki. Wanapita wachuuzi wengi njia ile, wote na baiskeli, wote na honi za mpira, lakini yeye alikuwa haondoki mpaka asikie ya huyu. Mimi nilikuwa natoka kwa kumfuata yeye, naye yuko mbele kainua mkia. Sasa honi ikilia natoka mwenyewe, na nafika mlangoni kabla sijachukua bakuli, kwa sababu bakuli nilikuwa nalichukua wakati yeye kesha nihakikishia kwamba ndiye. Ijumaa mchuuzi akaniuliza, "Yuko wapi mteja wangu?" Nikamwambia. Akashuka kwenye baiskeli. Akasema, "Masikini, pole sana mwalimu," akaenda zake, hata samaki nikasahau kununua.

Nikala mchicha siku ile. Na nikarudia tena mazungumzo ya chumba cha walimu, mara hii nikamtia mchuuzi ndani yake, kasimama mlangoni na tenga lake, anamuonesha mwalimu wa Jiografia namna ya kutoa pole.

Jana baada ya laasiri nilikuwa ukumbini na Baba, tunachambua karafuu, yeye makonyo kwake mimi kwangu. Mnajua Baba na Shombo walivyokuwa. Alimwita mwizi mbele za watu, na usiku kitanda kimoja. Tangu Jumatano hakusema kitu. Jana, bila ya kuinua macho, akaniuliza kama namkumbuka Abu Umayr.

Nikasema namkumbuka, nilisoma chuoni. Mdogo wake Anas bin Malik, kwa mama, Umm Sulaym. Alikuwa na kindege anacheza nacho, kikamfa. Mtume, rehma na amani zimshukie, akenda nyumbani kwao akamkuta mtoto kanyong'onyea.

"Akamwambia kuwa ni ndege tu?"

"Hapana."

"Alimwambiaje?"

"Yaa Abaa Umayr, maa fa'ala an-nughayr."

"Ndiyo. Alimuuliza. Kafanya nini kindege chako? Mtu mzima, ana vita, ana wajumbe, ana watu wanamngoja, anamuuliza mtoto habari za ndege." Akatupa konyo. "Haya. Shombo kafanya nini?"

Nikafikiri anataka kusikia ugonjwa, nikaanza na kibofu. Akanikatiza. "Hayo nilikuwapo. Nauliza alifanya nini."

Basi nikamwambia. Kwamba alikuwa hanywi maji mpaka ayaguse kwa mkono wa kushoto kwanza, kama anayapima moto. Kwamba siku ya maulidi aliingia na kichwa cha kolekole kakikokota baina ya miguu ya masheikh, kichwa kikubwa kuliko chake, akawa anarudi kinyumenyume na hataki kukiacha. Baba akaongeza la kwake, ambalo sikulijua: usiku wa mvua Shombo alikuwa anapanda kifuani kwake na kumpiga kofi la pua mpaka aamke afunge dirisha. "Makucha ndani," akasema Baba. "Adabu alikuwa nayo." Tukacheka mpaka Kaka akaja kuchungulia, na karafuu tulizochambua tukazichanganya upya na makonyo.

Mwalimu wa Jiografia bado sijamwambia kitu, na sidhani kama nitamwambia. Jumatatu nitamuomba ramani ya Afrika Mashariki, ile ya kwangu imechanika Ziwa Nyasa.

Lakini Baba mwenyewe ndiye aliyenikosesha usingizi jana. Wakati tunaokota zile karafuu kaniambia, kwa sauti ya mtu anayezungumza habari za hali ya hewa, kwamba wachumaji mwaka huu ghali na hawaaminiki, wanavunja matawi, na ule mkarafuu wa kule bondeni ataupanda mwenyewe. Na umri ule! Mkarafuu si mwembe, tawi lake linakatika bila ya kutoa onyo, na ule wa bondeni ni mrefu na chini yake kuna mawe. Nikamwambia achume zile za chini kwa upembo. Akasema upembo ni wa watoto. Kaka anasema nimwache, atachoka mwenyewe. Asubuhi hii nimeamka nikakuta kamba ya kupandia haiko ukutani, na Baba kesha toka.