Sikio lilijaa, kumbe shida ilikuwa chakula cha usiku

Mimi ni dereva wa matatu ya Nairobi kwenda Narok. Kila siku napanda hadi Limuru, halafu nateremka kuelekea Mai Mahiu, nikipita lile kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano mwaka 1942. Kwa hiyo masikio yangu yalipoanza kujaa na kulia tak-tak kila nikimeza mate, kila mtu stejini alikuwa na jibu tayari: ni mteremko, utazoea. Nilikuwa na miaka 11 kwenye barabara hiyo. Ningezoea lini tena?

Kweli mteremko huziba masikio. Ukishuka, hewa ya nje inakuwa nzito kuliko ile iliyo nyuma ya ngoma ya sikio, ngoma inasukumwa ndani, na sikio halitulii mpaka umeze au upige miayo ili hewa ipite. Abiria wangu walikuwa wanazibuka kabla hatujafika Mai Mahiu. Mimi nilifika Narok bado nasikia kama nina pamba masikioni, yote mawili. Na hata siku ya mapumziko, nimeketi nyumbani Kangemi bila kushuka mteremko wowote, tak-tak iliendelea, na asubuhi ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Kwenye duka la dawa niliuziwa matone ya masikio, mara mbili. Shangazi akaniletea mafuta ya kitunguu saumu yaliyopashwa moto. Hayo yote yaliishia upande wa nje wa ngoma, na shida yangu ilikuwa upande wa ndani, kwa hiyo hayangeweza kuigusa hata ningemimina chupa nzima.

Ushauri ulioniumiza zaidi ni wa chingamu. Dereva mwenzangu aliniambia nitafune ya minti, ile kali, safari nzima. Nikaona inasaidia: ukitafuna unameza mate mengi, na kumeza ndiko kunakofungua sikio. Nikanunua kwa pakiti. Nilitafuna kwenda, nikatafuna kurudi, na nikiwa na koo linalowasha nilikuwa naongeza peremende juu yake. Baada ya mwezi mmoja sauti yangu ilikuwa imekwaruza hata kondakta akawa ananisemea kwa abiria. Nilikuwa nakohoakohoa kusafisha koo kutwa nzima, na nilihisi donge ambalo halimezeki wala halitoki. Sikuunganisha haya na sikio hata kidogo.

Kilichonifungua macho ni daftari la mafuta ya gari. Wakati mwingine nalala Narok, na nilikuwa nimeanza kuandika pembeni asubuhi kama sikio limejaa au la. Baada ya wiki tatu niliona jambo. Asubuhi za Narok karibu zote nilikuwa nimeandika "safi". Asubuhi za Nairobi, "limejaa, limejaa, limejaa". Mwanzoni nilidhani ni vumbi la Nairobi. Ndipo Mama Wambui akaniuliza, "Baba Wambui, kwani Narok unakula saa ngapi?" Narok nakula saa kumi na mbili jioni na kulala saa nne. Nairobi nafika nyumbani saa tatu na nusu usiku, nakula ugali na matumbo ya kukaanga, nashushia chai, na saa nne na nusu niko kitandani.

Nilienda kwa daktari wa masikio, pua na koo na daftari hilo mkononi. Ada yake na kipimo cha kamera vilinitoka kama elfu nane hivi, na sijutii. Aliangalia masikio, hakuna nta wala usaha. Akapima msukumo wa hewa nyuma ya ngoma kwa kifaa kinachoziba tundu la sikio kwa sekunde chache, akaniambia ngoma zote mbili zimevutwa ndani kidogo. Kisha akapitisha kamera nyembamba puani hadi kooni, akakuta sehemu ya nyuma ya kisanduku cha sauti imevimba na kuwa nyekundu.

Nilibisha. Nikamwambia, "Daktari, mimi sijawahi kupata kiungulia." Akasema wengi ambao asidi yao hufika kooni hawahisi moto kifuani kabisa. Usiku ukilala na tumbo limejaa, kidogo hupanda pamoja na kimeng'enya kile cha kusaga nyama, na ngozi ya koo haina kinga kama ya tumbo. Mrija unaoingiza hewa sikioni una mdomo wake nyuma ya pua, juu tu ya koo. Sehemu hiyo ikiwashwa na kuvimba, mrija haufunguki vizuri. Na minti? Hulegeza ule msuli unaofunga mlango wa juu wa tumbo. Nilikuwa nafungua sikio kwa kutafuna huku nikiuachia mlango ule wazi.

Hakuniahidi kwamba ni asidi moja kwa moja. Alisema mzio na mafua ya muda mrefu huziba mrija huo huo, ndiyo maana alitazama pua kwanza. Na alikuwa mkali kuhusu jambo moja: mtu mzima akijaa sikio moja tu kwa wiki nyingi, lazima nyuma ya pua paangaliwe kwa kamera, kwa sababu uvimbe mbaya unaweza kujificha hapo. Kusikia kukipotea ghafla, ni hospitali siku hiyo hiyo. Chakula kikianza kukwama, usingoje pia.

Alinipa omeprazoli. Wiki tatu za kwanza hazikunisaidia, na nilikuwa tayari kumlaumu, kumbe nilikuwa nameza pamoja na chai ya asubuhi. Dawa hiyo inatakiwa iwe mwilini tayari kabla chakula hakijaamsha tumbo, yaani nusu saa hadi saa moja kabla ya kula. Sasa nilimeza nikiamka, nikaoga, nikakagua gari, ndipo nikanywa chai.

Kitanda nacho kina hadithi. Niliambiwa niinue upande wa kichwa, nikaweka mito mitatu. Nikaamka shingo imekauka na sikio limejaa kuliko jana. Mito inakukunja kiunoni na kulibana tumbo. Kinachotakiwa ni kitanda chenyewe kiiname, mwili wote ulale kama mteremko. Nikajaribu matofali, kitanda kikateleza usiku na Mama Wambui akashtuka. Mwishowe fundi wa Kangemi alinichongea vipande viwili vya mbao vya sentimita 18, kila kimoja na kishimo cha kukalia mguu wa kitanda. Havijateleza tangu siku hiyo.

Chakula sasa nakula stejini saa kumi na mbili na nusu, kabla ya safari ya mwisho, na nikifika nyumbani ni ndizi moja tu. Chingamu niliacha. Koo lilitulia baada ya mwezi hivi. Masikio yalichelewa, karibu miezi miwili na nusu, na nashukuru daktari alinionya mapema, la sivyo ningeacha dawa. Kuacha kwenyewe tulipunguza taratibu, siku ndiyo siku hapana, kwa sababu ukikata ghafla asidi inaweza kurudi kwa nguvu.

Desemba tulichoma nyama hadi saa sita usiku, na asubuhi ya pili sikio likalia tak. Siku nne likatulia lenyewe. Kwenye mteremko sasa naanza kumeza mate mapema, kabla sikio halijaziba, na kwa kawaida nikilifikia lile kanisa nasikia kila anachosema kondakta.