Barua Moja, Mihuri Miwili

Mwezi Mei mwaka 2017 niliacha kazi kwenye hoteli moja hapa Arusha, ambako nilikuwa mtunza stoo ya jikoni kwa miaka sita. Niliondoka vizuri. Niliandika barua ya kuacha kazi, nikatumikia mwezi wangu wa notisi, nikahesabu stoo na mrithi wangu gunia kwa gunia, nikapewa cheti cha utumishi. Tarehe mosi Juni nikaanza kazi kwenye kampuni ya kupeleka wageni mbugani, nikisimamia stoo ya mahema na vyakula vya safari. Mwenye mali alikuwa yule yule wa hotelini, lakini kampuni ilikuwa nyingine, ina usajili wake, na mkataba niliosaini ulikuwa mpya kabisa.

Mwisho wa Juni nikapokea slipu ya mshahara. Nilikuwa nimesimama kati ya makreti ya soda na mitungi ya gesi, nikaisoma kuanzia juu. Mshahara shilingi 480,000, kodi, mfuko wa hifadhi ya jamii, halafu mstari wa chini kabisa: ada ya chama, shilingi 9,600. Asilimia mbili, kama hotelini. Na chama kilikuwa kile kile cha hotelini.

Niseme wazi kwamba sikuwa na ugomvi na chama hicho. Kilitusimamia hotelini tulipodai posho ya zamu za usiku, na tukaipata. Lakini huku nilikohamia hakikuwa na tawi, hakikuwa na mwakilishi, na mwajiri hakuwa na mkataba wowote nacho. Siku ningeitwa kwenye kikao cha nidhamu, hakukuwa na mtu wa chama wa kukaa upande wangu. Kila mwezi ningelipia mlinzi anayelinda nyumba niliyokwisha kuhama.

Nikapanda ghorofani kwa dada wa mishahara. Ofisi yake ndiyo ilikuwa ikiandaa mishahara ya hoteli na ya kampuni yetu pia. Alinipokea kwa heshima, akafungua kompyuta, akasema, "Mama, ulivyohamishwa kwenye mfumo, makato yako yote yamekuja na wewe. Mimi siwezi kuyafuta hivi hivi. Nenda ukajitoe chama."

Nikaenda. Ofisi ya chama ilikuwa upande wa Kaloleni, chumba kimoja chenye meza mbili na kabati la chuma. Katibu akaniambia kinyume chake: "Sisi hatukukati, mama. Tunaletewa orodha na mwajiri, tunapokea kilichomo. Mwambie mwajiri akutoe kwenye orodha." Hata hivyo nikaomba karatasi, nikaandika hapo hapo kwa mkono kwamba nimeacha kazi hotelini na sitaki tena uanachama. Akaipokea, akaiweka kwenye faili, nikarudi nyumbani Sakina nikiamini nimemaliza.

Julai nikakatwa 9,600.

Nilipomrudia dada wa mishahara na kumwambia nimeshajitoa, aliniuliza swali moja tu: karatasi iko wapi? Sikuwa na kitu. Barua niliyoandika ilikuwa Kaloleni ndani ya faili la chama, mimi sina nakala, na mwajiri hakuandikiwa hata mstari. Kwa kumbukumbu za ofisi yake, mimi bado nilikuwa mwanachama.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mzee mmoja aliyekuwa katibu wa tawi letu hotelini kabla hajastaafu. Alikuwa akiishi Ngarenaro, na jioni hukaa nje ya duka la mwanawe. Nikampa shikamoo, nikamwonyesha slipu zote mbili. Akazisogeza mbali na macho kama wafanyavyo wazee wasio na miwani, akaziangalia kwa muda mrefu. Kabla ya lolote akaniuliza, "Mwanangu, hapa wameandika ada ya chama au ada ya uwakala?"

Sikujua kuna tofauti. Akanieleza polepole. Ada ya chama hukatwa kwa sababu wewe mwenyewe umesaini kuruhusu. Ada ya uwakala ni nyingine: mahali ambapo chama chenye wanachama wengi kimetambuliwa na kimekubaliana na mwajiri, hata asiye mwanachama anaweza kukatwa, kwa kuwa naye anafaidika na makubaliano ya mishahara. Hiyo huisimamishi kwa barua yako binafsi. Yangu ilikuwa ada ya chama, na huku nilikohamia hakukuwa na makubaliano ya namna hiyo, kwa hiyo njia ilikuwa wazi.

Kisha akaniuliza kama naikumbuka Fomu TUF.6. Nikaikumbuka. Wiki yangu ya kwanza hotelini nilipewa karatasi kadhaa za kusaini, na moja ilikuwa hiyo. Ndiyo idhini ya mfanyakazi kwa mwajiri kwamba akate ada na kuipeleka kwenye chama. Mzee akasema watu wengi hudhani ukiacha kazi fomu ile inakufa yenyewe, na kwa kawaida hawasumbuliwi, maana mshahara wenyewe umekoma na hakuna pa kukata. Shida huja pale ambapo jina lako linabaki kwenye mfumo ule ule wa mishahara, kama langu. Hapo hakuna anayekumbuka idhini ilitolewa kwa nani. Mashine inaendelea kukata.

"Barua ya kuacha kazi inamwambia mwajiri unaondoka kazini," akasema. "Haisemi neno lolote kuhusu ada. Hiyo ni barua nyingine."

Akanitajia kifungu, na nikakiandika nyuma ya slipu: kifungu cha 61 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mfanyakazi anaweza kufuta idhini yake kwa kutoa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja, kwa mwajiri na kwa chama. Alilirudia lile neno "na" mara mbili, akigonga goti lake. Wote wawili. Ukimwandikia mmoja, mwingine ana haki ya kusema hajui. Mwezi ukiisha, mwajiri anapaswa kuacha kukata, na anapopeleka ada za mwezi kwenye chama anaambatanisha nakala ya notisi hiyo.

Tuliiandika barua pale pale dukani, kwenye daftari la mahesabu ya mwanawe, na kesho yake nikaichapa kwenye steshenari karibu na Soko Kuu. Mzee alinikataza kumwandikia mmoja na kumweka mwenzake chini kama "nakala". Alitaka juu kabisa pasomeke KWA, halafu mwajiri na katibu wa chama, mmoja chini ya mwingine, uzito sawa. Kiini chake kilikuwa maneno machache:

"Kwa barua hii nafuta idhini yangu ya kukatwa ada ya chama kwenye mshahara, niliyoitoa kwa Fomu TUF.6 nikiwa mwajiriwa wa hoteli. Hii ni notisi ya mwezi mmoja kwa mujibu wa kifungu cha 61 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini. Baada ya notisi kuisha, naomba makato yasitishwe. Vilevile najitoa uanachama kuanzia siku hiyo."

Sentensi ya mwisho niliuliza kwa nini iwepo. Mzee akasema kufuta idhini ya makato ni jambo moja na kujitoa uanachama ni jambo lingine. Ukisimamisha makato peke yake, chama kinaweza kukuhesabu kama mwanachama mwenye deni. Chini yake nikaweka jina langu kamili kama lilivyo kwenye slipu, namba ya mfanyakazi na tarehe.

Nilitoa nakala tatu. Ijumaa tarehe 18 Agosti nilimkabidhi dada wa mishahara moja, nikamwomba agonge muhuri kwenye ile yangu, aandike tarehe na kusaini. Akafanya bila tatizo. Kaloleni nilifika siku hiyo hiyo saa kumi jioni nikakuta kufuli. Jumatatu tarehe 21 nikarudi. Katibu alisema muhuri upo kwa mwenyekiti na mwenyekiti hayupo, niache tu barua. Safari hii sikuacha. Mzee alikuwa ameniambia kwamba wakikataa kugonga, nipite posta niitume kwa rejista na kutunza risiti. Nilipolitaja hilo kwa upole, katibu akainuka, akafungua droo, muhuri ukatoka. Wino ulikuwa mkavu, akaupulizia pumzi mara mbili ndipo ukashika. Ukatokea umekwenda upande, lakini tarehe ilisomeka.

Mwezi tuliuhesabu kuanzia muhuri wa pili, maana hadi siku hiyo mmoja wao alikuwa hajapewa. Kwa hiyo notisi yangu ilikuwa inaisha tarehe 21 Septemba. Agosti nikakatwa tena, na ingawa nilikuwa nimejiandaa, iliniuma. Mwisho wa Septemba nilifungua slipu nikiwa nimesimama pale pale kwenye makreti. Kodi, mfuko wa hifadhi, basi. Chini hapakuwa na kitu.

Zikabaki zile za nyuma: Juni, Julai na Agosti, jumla shilingi 28,800. Mzee hakunidanganya. Alisema notisi inasimamisha makato yajayo, haimrudishii mtu yaliyokwisha kukatwa kwa idhini yake halali. Ningebaki hotelini, nisingekuwa na la kudai. Mimi nilikuwa na hoja tofauti: mwajiri wangu mpya hakuwahi kupewa idhini yoyote. Nikamwandikia mhasibu barua fupi nikimwomba anionyeshe fomu niliyoisaini kwa kampuni hii. Alilifungua faili langu mbele yangu. Ilikuwemo fomu moja, ya mwaka 2011, karatasi imeanza kugeuka njano, na mahali pa jina la mwajiri pameandikwa jina la hoteli kwa mwandiko wangu mwenyewe. Akaitazama, akaigeuza nyuma kana kwamba kuna kitu huko, akasema atazungumza na wakubwa.

Kama wangekataa, nilikuwa tayari kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na nilikuwa nahesabu siku, maana mgogoro usio wa kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 60. Haikufika huko. Kwenye slipu ya Oktoba ulikuwepo mstari mpya, "marekebisho ya makato", shilingi 28,800. Wao na chama walimalizana wenyewe.

Nilimpelekea mzee habari jioni ile pamoja na kilo mbili za sukari. Hakuuliza kuhusu fedha. Aliuliza kama bado ninayo ile nakala yenye mihuri miwili. Nikamwambia ipo, kwenye bahasha moja na cheti cha utumishi cha hotelini. Akasema niiache humo humo.