Shinosnoma ya mtoto: kutafsiri Kitajiki mjini Dushanbe

Nilipohamia Dushanbe, mji mkuu wa Tajikistan, nilikuwa na Kirusi nilichosomea Voronezh nchini Urusi, pamoja na Kiajemi cha Tehran nilichojifunza vitabuni, nikadhani kwamba kwa mali hizo mbili Kitajiki kingenijia chenyewe. Hoja yangu ilionekana kuwa na mashiko: Kitajiki ni tawi la Kiajemi, na tangu 1940 kimeandikwa kwa herufi za Kikirili, baada ya kupitia herufi za Kilatini kwa miaka kama kumi na mbili na herufi za Kiarabu kwa karne nyingi kabla ya hapo. Kwa hiyo maneno ningeyapata katika Kiajemi, na herufi katika Kirusi. Dhana hiyo ilivunjwa na sentensi moja tu, nami naomba niieleze hiyo hiyo.

Shirika moja la nje lilileta katika ofisi yetu ya tafsiri tangazo la chanjo lililokuwa limetafsiriwa tayari na mtu wa Iran, likataka sisi tubadilishe herufi tu, kwa bei ya kubadilisha herufi. Sentensi yenyewe ilisema kwamba kila mzazi afike hospitalini na pasipoti yake na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Nilikaa nikaihamisha herufi kwa herufi, nikamsogezea mhariri wetu, mama mtu mzima ambaye ofisi nzima humwita Muallima, yaani mwalimu wa kike, kwa neno ambalo msomaji wa Kiswahili halimpi taabu. Aliweka chini kikombe chake cha chai ya kijani, akasoma, akaniita mdogo wake mpenzi kwa Kitajiki, akaniuliza: “Dodarjon, mtoto wa miezi miwili anaipata wapi pasipoti?”

Kosa lilikuwa katika neno шиноснома, “shinosnoma”, ambalo kwa maana ya mizizi yake ni waraka wa kumtambulisha mtu. Nchini Iran, shenasname ni kijitabu anachotolewa mtu anapozaliwa, na ndicho kinachomshuhudia kuwa amezaliwa lini na kwa wazazi gani. Pasipoti wao huiita gozarname. Nchini Tajikistan neno lile lile, kwa mizizi ile ile, limepewa kazi ya pasipoti, na cheti cha kuzaliwa kinaitwa шаҳодатномаи таваллуд, “shahodatnomai tavallud”, ambamo Mswahili anaisikia shahada waziwazi. Tangazo langu, basi, lilikuwa linawaamuru wazazi walete pasipoti ya kichanga. Hakuna kamusi ya Kiajemi ambayo ingenizindua, kwa sababu neno lipo, tahajia ni sahihi, na sentensi inasomeka bila kigugumizi. Makosa ya aina hii ndiyo ninayoyaogopa kuliko yote, maana yanapita mbele ya macho yakiwa yamevaa vizuri.

Neno la hospitali nalo lilikuwa na mgogoro wake. Mwirani aliandika bimarestan, ambalo Mtajiki msomi atalielewa, ila kwake linanukia matangazo ya redio ya ng’ambo. Neno lililo mlangoni mwa jengo la hapa ni беморхона, “bemorkhona”, nyumba ya wagonjwa. Kwa upande mwingine, wazazi wengi katika mazungumzo husema паспорт kama Warusi wasemavyo, na karatasi yoyote yenye mhuri huiita справка, “spravka”, ingawa maandishi rasmi yanataka маълумотнома, “ma’lumotnoma”. Lugha hii ilifanywa kuwa ya dola mwaka 1989, na tangu hapo maneno ya Kirusi yamekuwa yakiondolewa katika maandishi kwa kasi kuliko yanavyoondoka vinywani. Mtafsiri anasimama katikati: akiandika kama Tehran haeleweki, akiandika kama sokoni tangazo linarudishwa ofisini kwa kukosa heshima. Tulichoafikiana, baada ya ubishi wa vikombe viwili, ni kutumia neno rasmi na kuweka паспорт katika mabano mara ya kwanza tu. Sentensi ikawa hivi:

Ҳар падару модар бояд шиносномаи (паспорти) худ ва шаҳодатномаи таваллуди кӯдакро ба беморхона биёрад.

Kuhusu kuhamisha herufi, niseme wazi kwamba hata maneno yangekuwa yale yale, kazi isingekuwa ya kubonyeza kitufe. Maandishi ya Kiarabu huacha irabu fupi, jambo analolijua yeyote aliyewahi kusoma tenzi zetu za kale katika hati hizo, na zaidi ya hapo Kitajiki kimehifadhi irabu ambazo Tehran imeziunganisha. Simba na maziwa nchini Iran huandikwa sawa na kutamkwa sawa, shir. Mtajiki anaandika шер, “sher”, kwa simba na шир, “shir”, kwa maziwa, na asiyejua ni mnyama gani anayezungumziwa hawezi kuchagua. Katika sentensi yetu, neno la mtoto ni кӯдак, lenye ӯ, wala si у ya kawaida, na maandishi ya Kiirani hayakuambii ni ipi.

Hapo ndipo ninapofikia herufi zenyewe. Kikirili cha Kitajiki kina herufi sita ambazo Mrusi hana: ғ, ӣ, қ, ӯ, ҳ na ҷ. Mchapaji tuliyepewa alikuwa na fonti ya Kirusi tupu, na mahali pa ҳ akaweka х. Kwa Mswahili tofauti hii ni ile ya hali na kheri, kwa hiyo nilidhani ni jambo dogo, mpaka Muallima aliponionyesha neno la kwanza la tangazo. Ҳар ni “kila”. Хар ni punda. Tangazo lilikuwa linaanza kwa kuwaita baba na mama punda, tena kwa herufi kubwa. Mchapaji, kwa nia njema, akabadilisha kila х kuwa ҳ kwa amri moja, na sasa hospitali ikawa “беморҳона”, neno lisilokuwepo, na худ, “mwenyewe”, likaharibika pia. Ilibidi turudie neno kwa neno.

Siku hizi sipeleki kazi bila ukaguzi mdogo. Mageuzi ya tahajia ya mwaka 1998 yaliziondoa herufi щ, ц, ы na ь, ndiyo maana mwezi wa kwanza ni январ bila alama laini ya Kirusi mwishoni. Nikizitafuta katika maandishi ya Kitajiki na nikaikuta hata moja, nje ya jina la Kirusi lililonukuliwa, najua kuna neno lililonakiliwa kutoka upande huo. Halafu hutafuta ў, yenye kikombe kidogo juu, ambayo hutumika katika Kiuzbeki cha Kikirili na hufanana mno na ӯ yenye mstari. Kwa kompyuta ni herufi mbili mbalimbali, U+045E na U+04EF, kwa hiyo neno lenye ile isiyo yake halitapatikana mtu akilitafuta, hata kama kwenye karatasi jicho linaridhika. Mwisho huangalia ncha za maneno: дӯсти мо ni rafiki yetu, дӯстии мо ni urafiki wetu, na hakuna programu itakayokuambia ulikusudia lipi.

Nakala ya pili ilipotoka kwa mchapaji niliipitia mara mbili nikairidhia. Muallima aliichukua, akaomba faili yenyewe, akaandika кӯдак katika kisanduku cha kutafutia. Lilikuwa limeandikwa mara saba katika ukurasa ule. Kompyuta iliona sita.